Mauzo ya walioona tangazo bila kulibofya: ni mangapi ya kulihesabia tangazo?

Swali: Ninauza kahawa ya Mbozi iliyokaangwa kupitia tovuti, niko Mbeya mjini. Tangazo langu huonyeshwa kwa watu waliowahi kuingia kwenye tovuti. Ripoti inasema limeleta mauzo 100: 20 ya waliobofya na 80 ya walioliona tu. Wakala anataka kamisheni ya yote. Je, hao 80 ni wa tangazo kweli?

Jibu: Ndugu yangu, usikubali wote 80, lakini usiwafute wote pia, kwa sababu mteja aliyeko Iringa anaweza kuliona tangazo, akakumbuka kwamba kahawa yake inakaribia kwisha, kisha akaandika mwenyewe jina la tovuti yako bila kubofya chochote. Ripoti, hata hivyo, haipimi kukumbushwa huko. Inahesabu tu kwamba tangazo lilionyeshwa, na kwamba mtu huyo alinunua ndani ya muda uliowekwa. Kwa kuwa tangazo lako linawafuata watu waliokwisha kuitembelea tovuti, baadhi yao wangenunua hata bila kuliona.

Kwanza muulize wakala muda huo ni siku ngapi. Katika Google Ads, muda wa kawaida kwa walioona bila kubofya ni siku 1, lakini unaweza kurefushwa hadi siku 30, na kadiri unavyorefushwa ndivyo wanunuzi ambao wangekuja wenyewe wanavyozidi kuingizwa katika hesabu.

Jibu la uhakika zaidi hutokana na jaribio. Tuseme watembeleaji wako ni 5,000. Kabla tangazo halijaanza, wagawe kwa bahati nasibu: 4,000 waone tangazo la kahawa, na 1,000 waone tangazo lisilouza kitu, kwa mfano la kunawa mikono. Usilinganishe na watu ambao tangazo halikuwafikia tu, kwani huenda hao hawaingii mtandaoni mara nyingi, na ununuzi wao ni mdogo kwa sababu hiyo.

Ikiwa katika kundi la 4,000 wamenunua 100, na katika kundi la 1,000 wamenunua 20, basi bila tangazo wale 4,000 wangekupa mauzo 80. Tangazo limeongeza 20 tu, na hayo 20 yanajumuisha waliobofya na walioona, kwa maana hata aliyebofya huenda angenunua vilevile.

Hapa naomba uwe mwangalifu sana. Wanunuzi 20 wa kundi la 1,000 ni wachache, na kwa bahati tu wangeweza kuwa 12 au 28. Wakiwa 12, tangazo litaonekana limeongeza mauzo 52. Wakiwa 28, litaonekana halikuongeza hata moja. Kwa hiyo liendeleze jaribio hadi kundi dogo lifikishe wanunuzi mia kadhaa, na wakati huo patana na wakala alipwe kwa mauzo ya waliobofya, huku kamisheni ya walioona tu ikisubiri matokeo.