Ruhusa ya picha haiombwi kwenye meza ya malipo

Swali la wiki: «Mgeni wako ameridhika na ameshaondoka. Utamwombaje ushuhuda na ruhusa ya kutumia picha yake bila kumkera?»

Mgeni anaweza kuombwa kwa adabu zote, asikereke hata kidogo, na bado ruhusa aliyoitoa isiwe ruhusa. Ninasimamia mapokezi ya nyumba ndogo ya wageni kando ya Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, Uganda, na kinachonisumbua zaidi ni kujua lini «ndiyo» ya mgeni imetoka kwake mwenyewe. Msimamo wangu ninauweka mbele: ushuhuda wa maneno uombwe, lakini picha ya mgeni isiombwe kabisa. Picha ya mtu sokoni inaonyesha kwamba alikwenda sokoni. Picha yake kwenye baraza la nyumba ya wageni inaonyesha alilala wapi, siku zipi, na pengine pamoja na nani, na hayo ni mambo ambayo watu wengi wana sababu halali za kutoyatangaza, wala hawana wajibu wa kutueleza sababu hizo.

Kosa ninaloliona sana katika biashara hii ni la wakati. Mgeni anaombwa pale mezani, stakabadhi yake haijaandikwa, mizigo iko miguuni, dereva anapiga honi, na msimamizi amesimama mbele yake na simu mkononi akitabasamu. Nani atakataa hapo? Anakubali ili aondoke. Kwa hiyo sisi husubiri siku mbili tatu mgeni afike kwake na apumzike, kisha tunamwandikia ujumbe mmoja tu. Asipojibu, hatumkumbushi, na kimya chake tunakihesabu kuwa hapana.

Hata ujumbe huo mmoja unahitaji idhini yake. Namba ya simu iliyo katika daftari la wageni ilichukuliwa kwa ajili ya malazi, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 hairuhusu taarifa iliyokusanywa kwa kusudi moja itumiwe kwa kusudi jingine lisilopatana na lile la kwanza. Kwa sababu hiyo fomu yetu ya kupokelea wageni ina mstari unaouliza kama tunaweza kumwandikia mgeni mara moja baada ya safari yake, wenye kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana, na hakuna kilichotiwa alama kabla hajashika kalamu.

Sasa nieleze kisa cha akina mama wa Busia, kwa maana ndicho kilichonifanya nichukue karatasi. Walikuwa kikundi cha kuweka na kukopa, wakaja kwa basi dogo la kukodi, safari ya kutwa nzima kupitia Kampala, wote wamevaa sare ya kitenge yenye jina la kikundi chao mgongoni. Asubuhi ya pili saba kati yao walipanda mtumbwi wa gogo kuzunguka visiwa. Simu zao zilikuwa zimekwisha chaji, wakamwomba mwenzangu awapige picha kwa simu ya ofisi. Ilitoka picha nzuri mno: ukungu umeanza kupanda, maji yametulia, na wote saba wanacheka kwa jambo alilosema mpiga kasia. Tuliwatumia siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba alipoiona alitaka iwekwe kwenye ukurasa wetu jioni ile ile.

Nilimwomba asubiri. Wale mama walikuwa bado kwetu, na kuonyesha picha ya watu walio safarini ni kutangaza kwamba nyumba zao hazina mtu. Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Tulipomuuliza mwenyekiti wao, alijibu kwa ukarimu, «Itumieni tu, sisi sote ni wamoja.» Ninamheshimu sana mama yule, lakini mwenyekiti anaweza kuisemea akiba ya kikundi, hawezi kuusemea uso wa mwenzake. Na kwa kuwa namba iliyokuwa kwetu ilikuwa yake peke yake, nilimwandikia yeye walipofika nyumbani, nikamwomba awapelekee wenzake ujumbe huu, kila mmoja ajibu kwa simu yake akipenda:

«Salaam, Mama. Habari za safari na za nyumbani? Ni mimi wa mapokezi, Bunyonyi. Nina maombi mawili, na unaweza kukubali moja, yote, au usikubali lolote. La kwanza: ukipenda, tuandikie sentensi chache kuhusu ulivyokaa kwetu, zuri na baya, na utuambie tukuandike kwa jina gani, au bila jina. La pili: picha ya mtumbwini niliyoiambatanisha hapa. Tungependa kuiweka kwenye ukurasa wetu wa Facebook tu, kwa mwaka mmoja, bila jina lako. Usipojibu, hatutaitumia. Ukikubali kisha ukabadili mawazo, tuandikie ONDOA nasi tutaiondoa siku hiyo, ingawa hatutaweza kuirudisha kutoka kwa mtu mwingine aliyekwisha kuihifadhi. Jibu lolote halibadilishi bei wala mapokezi yako ukija tena.»

Niliuandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kiolezo tulichokuwa nacho kilikuwa cha Kiingereza, na wengi wa wale mama walizungumza nasi Kiswahili muda wote, kwa hiyo kukubali maandishi yasiyoeleweka vizuri kusingekuwa kukubali. Maombi mawili yalitenganishwa kwa sababu yakifungwa pamoja, anayetaka kusifu chakula hujikuta ametoa na sura yake. Zawadi hatukuahidi. Google na Tripadvisor zote zinakataza maoni yaliyonunuliwa kwa punguzo au zawadi, na hata zisingekataza, anayelipwa asifu hawezi kutegemewa na msomaji. Ndiyo maana pia tunawaandikia wageni wote waliotia alama ya ndiyo, hata yule aliyelalamikia neti yenye tundu.

Majibu yalikuja hivi. Wanne walikubali picha. Wawili hawakujibu. Mmoja alikataa picha lakini akatoa maneno. Mwenye nyumba aliona wanne kati ya saba ni wengi wa kutosha, akashauri wale watatu wakatwe. Tulijaribu. Aliyekataa alikuwa ameketi katikati ya mtumbwi, na kila tulipokata, bega au mkono wa mtu usiyemtaka ulibaki. Tukajaribu kufunika nyuso kwa ukungu. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria mpaka picha ilipokuwa mbele yangu: kile kitenge. Uso umefichwa, lakini sare ile ilikitaja kikundi, na yeyote wa Busia anayekifahamu angewahesabu na kuwataja wote kwa majina katika dakika moja. Tena uso uliofunikwa kati ya nyuso zilizo wazi huvuta macho zaidi, kana kwamba mwenyewe amefanya jambo la aibu. Picha hatukuitumia, na tuliifuta kwenye simu ya ofisi, pamoja na nakala iliyojihifadhi kwenye Google Photos na ile iliyobaki katika pipa lake, kwa maana huko picha iliyofutwa huweza kukaa hadi siku 60.

Mpiga kasia naye alikuwamo pichani, na wengi humsahau mtu huyu. Ni mfanyakazi, na akiulizwa na bosi wake mbele ya wenzake, atasema ndiyo kwa ajili ya kazi. Nilimuuliza peke yake, nikamwambia zamu zake hazihusiani na jibu lake. Alitaka aione picha kwanza. Aliridhia, ingawa haikuhitajika tena.

Yule mama aliyekataa picha aliandika hivi: «Maji ya kuoga yalikuwa ya moto mapema asubuhi, na mlango wa chumba unafungika vizuri kwa ndani. Taa ya njia ya choo cha nje iongezwe.» Aliomba aandikwe «mgeni kutoka mashariki ya Uganda», asitajwe mji wala kikundi. Tuliyaweka maneno yote, pamoja na taa, kwa kuwa kukata lawama na kubakiza sifa bila idhini yake kungekuwa kumsemesha asichosema. Wanawake wanaosafiri peke yao wamenitajia mlango ule wakipiga simu kuuliza nafasi. Picha ya ziwa wanaiona kila mahali, lakini habari ya komeo hawakuipata kwingine.

Hapa ningepaswa kumalizia nilikoanzia, kwamba picha isiombwe. Lakini kuna jibu la mmoja wa wale wanne ambalo siwezi kulipita. Alipoarifiwa kwamba ile ya mtumbwini haitatumika, alituma nyingine yake peke yake, amekaa kwenye ngazi zetu, hana sare, amevaa gauni alilolipenda. Alisema anataka hii ndiyo ionekane, kwa sababu katika maisha yake yote ya biashara ya mpakani hajawahi kupigwa picha akiwa amepumzika. Nilimuuliza nani aliyeipiga, akajibu ni binti yake, nasi tukaomba ruhusa ya binti pia, maana haki ya picha chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 huanza kwa aliyeipiga, na idhini ya anayeonekana ni jambo la pembeni yake. Binti ni mtu mzima, akakubali. Tuliandika katika daftari la ruhusa tarehe, picha ipi, wapi itatumika na mwisho wake lini. Kama tungefuata msimamo wangu wa aya ya kwanza, mama huyu asingeulizwa, na mimi ningekuwa nimeamua kwa niaba yake kama vile mwenyekiti alivyotaka kuamua.

Kwa hiyo ninalegeza: picha iombwe, ila baada ya mgeni kufika kwake, kwa kila mtu peke yake, na heri iwe picha aliyoichagua mwenyewe. Bado sitaomba picha ya kikundi chenye sare, hata wote wakikubali, kwa kuwa mmoja akiandika ONDOA baada ya miezi sita wenzake watajua ni nani. Watoto siwagusi, ingawa sheria inaruhusu kwa idhini ya mzazi au mlezi, kwa sababu mzazi anakubali leo na mtoto ndiye atakayeishi na picha hiyo. Na mgeni aliyeletwa na dereva au wakala, ambaye namba yake nimeipata kwao wala hakutia alama kwenye fomu yetu, simwandikii kabisa.