Uvimbe mmoja unatoa damu, mwingine unabana kibofu

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 39, watoto wawili, naishi Morogoro. Mwaka mzima sasa hedhi inakwenda siku 9, inatoka na mabonge, na siku ya pili na ya tatu nabadilisha pedi kila saa moja na nusu. Tumbo la chini ni zito, na kila nikigeuka nataka kukojoa, usiku naamka mara tatu. Nimetibiwa yutiai mara nne. Ultrasaundi imeonyesha faibroidi mbili: moja sentimita 7 ukuta wa mbele, nyingine sentimita 2.5 kwa ndani. Damu yangu ni 7.6. Nimetumia asidi ya traneksamiki hedhi mbili, damu imepungua karibu nusu, ila mkojo uko vilevile. Je, dawa imeshindwa? Na ni lazima nitolewe kizazi kama nilivyoambiwa?

Jibu: Marahaba dada. Dawa haijashindwa, imefanya kazi yake yote iliyotumwa. Una uvimbe wawili wenye tabia mbili tofauti, na hiyo dawa inamgusa mmoja tu.

Watu wengi wakipokea majibu ya ultrasaundi macho yanakimbilia kwenye sentimita. Kwenye faibroidi, mahali ilipokaa ina uzito kuliko ukubwa wake. Hiyo ndogo ya sentimita 2.5 imechomoza ndani ya chumba cha kizazi, pale ambapo utando wa hedhi unajengeka na kubomoka kila mwezi. Ikikaa hapo inaongeza eneo la utando unaovuja, mishipa ya damu juu yake inatanuka, na misuli ya kizazi inashindwa kujibana sawasawa kufunga mishipa hiyo. Kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza wa damu yako ni yeye, ingawa wengi wangemnyooshea kidole mkubwa wake.

Huyo mkubwa, wa kama chungwa, yuko ukuta wa mbele, na mbele ya kizazi kuna kibofu. Kibofu cha mtu mzima kinaweza kubeba mililita 300 hadi 500 bila shida. Kikisukumwa na kitu kigumu hakipati nafasi ya kutanuka, kinajiona kimejaa mapema, nawe unakimbilia chooni ukatoe mkojo kidogo. Asidi ya traneksamiki inazuia bonge la damu lisiyeyushwe haraka pale mshipa unapovuja. Haipunguzi uvimbe hata milimita moja, ndiyo maana mkojo haukubadilika. Sisemi uvimbe mkubwa hauna mchango wowote kwenye damu, maana faibroidi ya ukutani ikipanuka huvuta chumba kikawa kikubwa. Lakini damu kupungua nusu bila mkojo kubadilika ni dalili kwamba matatizo haya yanaendeshwa na mambo mawili.

Kabla ya kuulaumu uvimbe kwa mkojo, thibitisha nyumbani. Tafuta jagi la plastiki lenye alama za mililita. Siku tatu mfululizo, usiku na mchana, kojolea humo, andika saa na kiasi. Ukiona kila mara ni mililita 80 hadi 150, bila kuungua wala homa, kuna uwezekano mkubwa kibofu kinabanwa. Ukiona kila mara ni 300 na kuendelea, na jumla ya siku inapita lita tatu, una kiu muda wote, basi kapime sukari, hapo faibroidi inasingiziwa. Mkojo ukiwa unachoma au una harufu kali, omba uoteshwe maabara kabla ya kumeza antibiotiki nyingine. Dawa mara nne bila kuotesha mkojo hata mara moja ni jambo linalonikera kila nikikutana nalo, na nakutana nalo sana.

Ukirudi kwenye ultrasaundi, mwombe mpimaji mambo mawili ambayo mara nyingi hayaandikwi. Kwanza aangalie kibofu baada ya wewe kukojoa. Kikibaki na zaidi ya mililita 100 hivi, hakimalizi vizuri. Pili aangalie figo zote mbili. Kizazi kikubwa kinaweza kubana mirija inayoshusha mkojo, figo ikaanza kutanuka, na mara nyingi haiumi.

Sasa damu. 7.6 ni upungufu mkubwa kwa upasuaji wowote usio wa dharura, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuipandisha, hata kabla hatujajadili kisu. Traneksamiki endelea nayo: gramu 1 mara tatu kwa siku, kuanzia damu inapokuwa nzito, kwa siku nne au tano, basi. Siku ambazo huna hedhi haina kazi. Kama umewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, usiitumie, na kama unameza vidonge vya uzazi wa mpango mwambie daktari wako kwanza. Madini ya chuma yapo kwenye vidonge vya kawaida vya FEFO, ambavyo kimoja kina karibu miligramu 60 za chuma chenyewe. Kimoja kwa siku kinatosha kwa wengi. Kimeze tumbo likiwa tupu, kwa maji au juisi ya chungwa, na chai ikae mbali nacho angalau saa moja kabla na mbili baada. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanameza asubuhi pamoja na chai ya rangi na chapati, chuma kinashikwa na chai na kupita zake. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke.

Rudia kipimo cha damu baada ya wiki nne. Kama hedhi imedhibitiwa, unatarajia kupanda kwa gramu 1 hadi 2, yaani ufike 9 hivi. Isipopanda, ama vidonge havimezwi, ama unavuja kuliko unavyojaza, ama kuna sababu nyingine, na hapo chuma cha kuchoma kwenye mshipa kina nafasi yake. Damu ikirudi kawaida, endelea na vidonge miezi mitatu mingine ili kujaza akiba.

Kuhusu kutolewa kizazi: si lazima, ila si ushauri wa ovyo pia. Swali ninalokuuliza kabla ya yote ni kama unataka mtoto mwingine, au hata kama hutaki, unataka kubaki na kizazi chako. Jibu lako ndilo linapanga njia.

Kama ungekuwa na ule mdogo tu, ningekuelekeza kwenye hospitali kubwa yenye kamera ya kupitia mlango wa kizazi. Wanaingiza kifaa chembamba, wanaukata uvimbe vipande vipande na kuutoa, hakuna kidonda tumboni. Uvimbe wa sentimita 2.5 unafaa kwa njia hiyo iwapo sehemu kubwa imechomoza ndani. Kwenye majibu omba waandike namba ya FIGO, ambayo haihusu figo za mwili bali ni kipimo cha kimataifa cha mahali faibroidi ilipokaa: 0 na 1 maana yake upo chumbani wote au zaidi ya nusu, 2 maana yake nusu au zaidi imezama ukutani. Kipimo kikiwa hakieleweki, ultrasaundi inarudiwa huku wakiingiza maji ya chumvi kidogo kwenye kizazi, uvimbe unaonekana umbo lake lote. Lakini ukitolewa huyo tu, hedhi itatulia na safari za chooni zitabaki.

Kwa kuwa wote wawili wanakusumbua, upasuaji wa tumbo wa kutoa uvimbe na kuacha kizazi unaweza kuwamaliza kwa mara moja. Hatari yake kuu ni damu wakati wa upasuaji. Ndiyo maana tunataka uingie ukiwa na 10 au zaidi, ndugu wawe wamechangia damu, na madaktari wengi hutoa misoprosto mikrogramu 400 saa moja hivi kabla na kufunga mpira kwenye shingo ya kizazi ili kupunguza kuvuja. Soma fomu ya ridhaa kabla ya kusaini: kwa kawaida inasema damu ikishindikana kudhibitiwa, kizazi kitatolewa ili kuokoa maisha. Ukishika mimba baadaye, kama ukuta ulikatwa kwa kina, utashauriwa kujifungua kwa upasuaji. Na uvimbe mpya unaweza kuota, kwa kuwa miaka ya hedhi bado unayo.

Kutolewa kizazi kunamaliza hedhi na uvimbe moja kwa moja. Mwulize daktari kama ovari zitabaki. Katika umri wako, zikiwa nzima, kwa kawaida zinaachwa, na zikiachwa hutaingia kwenye joto na ukavu wa kukoma hedhi kesho yake. Wanawake wengi wanaogopa kitu hicho bila kuelezwa.

Kitanzi chenye homoni kinapunguza hedhi vizuri sana, lakini chumba chako kimepinda kwa uvimbe, kuna uwezekano mkubwa kianguke. Sindano ya kila mwezi ya goserelini inaweza kupunguza uvimbe kwa theluthi hadi nusu ndani ya miezi mitatu, ikasaidia kabla ya upasuaji, ila ukiacha unarudi, na ukiendelea nayo mifupa inalika. Kusubiri hedhi ikome yenyewe ni busara kwa mwenye miaka 49, wewe una kama miaka kumi mbele. Kusafishwa kizazi hakutoi faibroidi. Na hizo chupa za “kuyeyusha uvimbe” zinazouzwa kwenye magrupu ya simu, sijaona uvimbe uliopimwa kabla na baada ukayeyuka, ila nimeona damu ya 9 ikashuka hadi 5 mtu akisubiri.

Katika kusubiri upasuaji, nenda hospitali siku hiyohiyo ukilowanisha pedi kila saa kwa saa mbili au zaidi, ukizimia au moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, ukipata homa na maumivu makali ya tumbo, au ukijikuta mkojo umegoma kabisa kutoka huku kibofu kimejaa. Huo wa mwisho unahitaji mpira wa mkojo, usimeze kitu chochote cha “kufungua mkojo”.