Ukiulizwa "Utazaa lini?" kwenye mahojiano ya kazi

Swali la uzazi huja mwishoni, watu wakiwa wamelegea. Mimi nililikuta katika kampuni moja ya Eneo la Viwanda, Nairobi, nikihojiwa nafasi ya afisa wa mauzo. Mzee aliyeongoza jopo alitazama pete yangu akasema, "Naona umeolewa. Mtoto tumtarajie lini?" Wenzake wawili wakainamisha macho.

Hapo uso huwaka moto na jibu la kwanza linalokuja mdomoni huwa kali. Mimi niliweka kalamu mezani, nikashusha pumzi, kisha nikauliza kwa sauti ileile niliyokuwa nikitumia tangu mwanzo: "Samahani mzee, ningependa kuelewa, swali hili linahusiana vipi na kazi yenyewe?"

Uliza hivyo kisha unyamaze. Usiharakishe kujaza kimya, kwani mara nyingi hofu halisi hutokea hapo. Yeye alisema afisa aliyetangulia alikuwa akikataa safari za Nakuru na Kisumu. Hilo sasa ni jambo la kazi, na lina jibu: "Safari naziweza. Kazi niliyo nayo sasa inanipeleka nje ya Nairobi kila mwezi, na msimamizi wangu anaweza kuthibitisha." Sikugusa habari za mtoto. Ukisema "sina mpango wa kuzaa" umekubali kwamba ana haki ya kujua, na swali linalofuata litakuwa la mume.

Akirudia, sema: "Mambo ya familia yangu ningependa yabaki nyumbani. Kuhusu kazi, niulize lolote." Sema mara moja, kwa heshima, usilieleze zaidi.

Njia hii ina mpaka wake. Inafaa pale nyuma ya swali pana wasiwasi wa kazi. Anayekuuliza utamlipa vipi "binafsi" akikupa nafasi hana wasiwasi wa kazi wa kujibiwa. Simama, sema mahojiano yameishia hapo, uondoke.

Ukitoka, kabla hujapanda matatu, andika kwenye simu: tarehe, saa, waliokuwepo, na swali kwa maneno yaleyale aliyotumia. Jitumie kwa barua pepe ili ibaki na tarehe. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamkataza mwajiri kumbagua hata anayetafuta kazi, kwa misingi kama mimba, jinsia, kabila, dini au hali ya HIV. Shauri likifika mahakamani, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Lakini wewe lazima kwanza uonyeshe kitu cha kumfanya ajibu, na maneno uliyoyaandika siku ileile yana uzito kuliko kumbukumbu ya miezi sita baadaye. Malalamiko unaweza kuyapeleka kwa afisa wa leba au Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa.