"Dirivativu ya kinyume" au "kinyume cha dirivativu"?

Swali: Mwalimu shikamoo. Nawafundisha wadogo zangu wawili wa mwaka wa kwanza uinjinia, natumia Kiswahili maana Kiingereza kinawachosha. Niliwapa matriksi A inayobadilika na t nikawaambia watafute "kinyume cha A kidiferenshietiwe". Mmoja akadiferenshieti A kwanza ndo akatafuta kinyume, mwingine akaandika −A halafu akadiferenshieti hiyo. Nisemeje wasichanganye? Na ile njia ya kuanzia A mara kinyume chake ni I naielezaje, maana mmoja anafika mwisho anapata jibu lingine kabisa.

Jibu: Marahaba. Kwanza usiwalaumu hao vijana, wamesikia ulichosema wakakielewa kila mtu kivyake, na neno lililowaponza wote wawili ni hilo hilo kinyume.

Huyu wa −A ana haki yake kabisa. Kwenye Kiswahili cha kila siku kinyume cha juu ni chini, kinyume cha faida ni hasara, sasa ukimuuliza mtu kinyume cha 5 wengi watakwambia −5, wachache ndo watasema moja ya tano. Kwenye matriksi tunataka maana hii ya pili, ile ambayo ukiizidisha na A unapata I, matriksi yenye moja moja kwenye ulalo na sifuri kwingine kote. Mi ningekushauri useme "kinyume cha kuzidisha" mara mbili tatu za mwanzo mpaka wazoee, na ukiandika weka A⁻¹ palepale pembeni ya neno. Halafu jihadhari na "kinyume chake", kwa sababu sisi tunalitumia pia kumaanisha mambo yakigeuzwa upande wa pili. Ukisema "A mara kinyume chake ni I, na kinyume chake" umesema kweli tupu, A·A⁻¹ = I na A⁻¹·A = I, ila hilo neno umelitumia mara mbili kwa maana mbili tofauti ndani ya sentensi moja na mwanafunzi amebaki anashangaa.

Yule mwingine kosa lake ni la mpangilio, na hapa Kiswahili kinakusaidia vizuri sana ukikitumia sawasawa. Sentensi yako "kinyume cha A kidiferenshietiwe" haisemi kipi kinaanza. Lakini ukitumia -a unganifu, neno la kwanza ndo kitu unachokitafuta na yanayofuata yanaeleza kimetoka wapi, kwa hiyo unasoma ukitokea mwisho kurudi mwanzo. "Dirivativu ya kinyume cha A": chukua A, tafuta kinyume chake cha kuzidisha, halafu diferenshieti, yaani (A⁻¹)'. "Kinyume cha dirivativu ya A": chukua A, diferenshieti, halafu ndo utafute kinyume, yaani (A')⁻¹. Wala hata nafasi ya "ya" na "cha" siyo urembo tu, inakwambia kichwa cha msemo ni dirivativu au ni kinyume. (Neno "kunyambua" ningeliacha kwenye sarufi, watoto wetu wamelizoea kwenye piga, pigia, pigwa, ukiwaletea kwenye hesabu unawapa mzigo mwingine.)

Sasa wape mfano huu wauone kwa macho:

```
A   = | 2   t |      A'  = | 0   1 |
      | 0   3 |            | 0   0 |

A⁻¹ = | 1/2  −t/6 |
      |  0    1/3 |
```

Ukidiferenshieti A⁻¹ moja kwa moja, kila kitu kinakuwa sifuri isipokuwa kona ya juu kulia, inatoka −1/6. Hilo ndo jibu, liweke pembeni. Yule wa −A kona yake itasoma −1. Na yule wa kudiferenshieti kwanza hafiki popote, angalia A' hapo juu, determinanti yake ni sifuri, haina kinyume kabisa, wakati dirivativu ya kinyume cha A ipo na tumeshaipata.

Twende kwenye ile njia yako. Unaanza na A·A⁻¹ = I, sentensi ambayo ni kweli kwa kila t ambapo A ina kinyume, na ndo maana unaruhusiwa kudiferenshieti pande zote. Kulia I haibadiliki t ikibadilika, kwa hiyo inakuwa matriksi ya sifuri. Kushoto ni vitu viwili vimezidishwa, unadiferenshieti kimoja kimoja bila kukihamisha mahali pake:

```
A'·A⁻¹ + A·(A⁻¹)' = 0
A·(A⁻¹)' = −A'·A⁻¹
```

Hapa ndipo nadhani kijana wako anapotelea, na tena ni lugha. Kwa kawaida tunasema "zidisha pande zote kwa A⁻¹" basi. Kwa namba inatosha, kwa matriksi haitoshi, maana hujasema A⁻¹ ikae mbele au nyuma. Mtoto anaiweka nyuma, upande wa kulia wa mlinganyo anapata −A'·A⁻¹·A⁻¹, upande wa kushoto ana A·(A⁻¹)'·A⁻¹, halafu anafuta A na A⁻¹ wakati katikati yao kuna kitu kimekaa hakijatoka. Anaandika −A'·A⁻² akifurahi kwamba inafanana na −1/t² ya kinyume cha t aliyoizoea.

Kiswahili kina maneno mawili mazuri kwa hili, nami huyatumia siku zote: tanguliza na fuatisha. Sema "tanguliza A⁻¹ pande zote mbili". Ikitangulia inakutana na A uso kwa uso, zinakuwa I, na unabaki na:

```
(A⁻¹)' = −A⁻¹·A'·A⁻¹
```

Kwa kusoma: dirivativu ya kinyume cha A ni hasi ya kinyume cha A, ikifuatiwa na dirivativu ya A, ikifuatiwa tena na kinyume cha A. A' imebanwa katikati na haitoki.

Irudishe kwenye mfano. Kwenye kona ya juu kulia, A⁻¹ iliyotangulia inaleta 1/2, A' inaleta 1, A⁻¹ iliyofuata inaleta 1/3, ukizidisha na kuweka hasi ni −1/6, sawasawa na ile tuliyoiweka pembeni. Aliyeandika −A'·A⁻² anapata −1/9, kwa sababu ile 1/3 imeingia mara mbili na 1/2 haikuingia kabisa. Angeandika −A⁻²·A' angepata −1/4, hapo 1/2 ndo imeingia mara mbili. Kwa hiyo ukikutana na −1/9 kwenye daftari lake unajua papo hapo alikosea hatua gani, alifuatisha badala ya kutanguliza.

Jambo moja la kuwaambia kabla hawajaanza: hii njia inachukulia tayari kwamba A⁻¹ ina dirivativu, yenyewe haithibitishi. Kwa matriksi ya mraba ambayo namba zake zote zina dirivativu hakuna shida, kwa sababu kila namba ndani ya A⁻¹ ni sehemu, juu kuna namba za A zilizozidishwa na kujumlishwa, chini kuna determinanti, basi mradi determinanti siyo sifuri uko salama. Kwenye mfano wetu determinanti ni 6 kwa t yoyote ile. Ila ukitoa ile 3 ukaweka t, determinanti inakuwa 2t, na hapo lazima useme wazi "kwa t isiyo sifuri" kabla hujaandika A⁻¹ hata mara moja.