Geji ikishuka usiku, usikimbilie kufungua viungo

Nimefanya kazi ya mabomba ya maji baridi ya viyoyozi kwa muda mrefu, na ninachosisitiza kwa mafundi wenzangu ni hiki: insulesheni isiguse kiungo chochote kabla ya kupima presha. Ikishavishwa, maji yanayovuja hutambaa chini yake na kutokea mbali na kiungo chenyewe, na utabandua kipande kirefu ukitafuta tone moja.

Chukua jengo lenye bomba la wima la mita 30. Presha ya kazi pale chini ni baa 6, na mkataba unataka kupima kwa mara 1.5, yaani baa 9. Ukifunga geji juu darini na kupampu hadi isome 9, kule chini umefikisha baa 12, kwa sababu kila mita 10 za maji huongeza karibu baa 1. Funga geji chini. Ya juu itasoma kama 6, na ndivyo inavyotakiwa. Valvu ya usalama na tangi la upanuzi vitenge kwanza.

Jaza polepole kutoka chini huku ukitoa hewa juu. Bomba lililojaa sawasawa hupandisha sindano haraka kwa pampu ya mkono. Ukipampu sana na sindano inajivuta, hewa imebaki. Hewa iliyobanwa huficha mvujo mdogo, na kiungo kikifumuka ni hatari kwa aliye karibu.

Sasa jambo linalogombanisha watu sait. Bomba la chuma lililofungwa likiwa limejaa maji, badiliko la nyuzijoto 1 tu linaweza kusogeza presha kwa baa kadhaa. Ukipampu saa nane mchana juani, usiku geji itashuka bila tone kuvuja. Kwa hiyo anza alfajiri, andika joto la bomba pamoja na presha, na kama jaribio ni la saa 24, soma tena alfajiri inayofuata. Presha iliyoshuka kwa baridi hurudi joto likirudi. Ya mvujo hairudi. Mchana usiondoke, presha ikipanda mno ipunguze na uandike saa. Bado kila kiungo kipitie kwa tochi na karatasi kavu.

Kusafisha ndiko watu hudanganyana zaidi. Bomba la milimita 100 linahitaji karibu lita 8 kwa sekunde ili maji yaende mita 1 kwa sekunde. Mpira wa bustani hautoi hata lita 1, kwa hiyo maji yatatoka meupe huku mabaki ya kulehemu na mchanga vimelala chini ya bomba. Tumia pampu kubwa ya muda, funga valvu za koili na uzungushe maji kupitia njia ya pembeni, la sivyo uchafu utaingia kwenye vijibomba vyake. Fungua machujio, uyasafishe, zungusha tena. Yakitoka safi mfululizo, ndipo ujaze maji yenye dawa ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Bomba la chuma lililoondolewa maji na kuachwa na unyevu huanza kutu upesi, na usafi wote unarudiwa.