Kasha la bibi yako

"Shikamoo mama. Nimeota mara tatu sasa lile kasha la bibi. Nalifungua, ndani nakuta kitu kimefungwa kwa kanga, naanza kufungua mafundo, mikono inakuwa mizito, na kabla sijakiona naamka moyo unanienda mbio. Kuna mtu huku ameniambia ni nyota yangu imefungwa, nitoe laki mbili anifungulie. Ni ndoto mbaya? Ina maana gani?"

Marahaba mwanangu.

Hiyo laki mbili usiitoe. Mtu anayekutajia bei kabla hajakuuliza hata swali moja hajaiagua ndoto yako, ameuagua mkoba wako.

Nakwambia hivi kwa sababu nimekulia miguuni pa mtu aliyekuwa akiulizwa ndoto. Babu yako akishasalisha alfajiri alikuwa hakosi mtu wawili watatu barazani, na mimi ndiye niliyekuwa napeleka kahawa. Nilichokiona ni kwamba mzee yule aliuliza sana kuliko alivyojibu. Mtu akisema, "Mwalimu, nimeota nyoka," yeye atamuuliza: ulipoamka ulikuwa na hofu au na raha? Ilikuwa saa ngapi? Kabla ya kulala ulikuwa na jambo gani moyoni? Na nyoka mwenyewe unamjua, umewahi kumwona mahali? Wengine walikuwa wakijijibu wenyewe kabla kahawa haijapoa, wakaaga.

Alikuwa akisimulia kisa cha Ibn Sirin wa Basra, yule ambaye kila kitabu cha ndoto kinachouzwa sokoni kinamsingizia. (Vingi si vyake. Yeye alifariki mwaka 110 wa Hijria, na vitabu vyenyewe vilikusanywa baada yake.) Inasimuliwa kwamba walimjia watu wawili, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja akamwambia utakwenda Hija. Wa pili akamwambia mkono wako utakatwa kwa wizi. Wanafunzi wakashangaa, ndoto ni moja! Akasema yule wa kwanza nilimwona ana dalili za wema, nikakumbuka aya ya Sura ya Hajj inayosema watangazie watu Hija. Wa pili sura yake haikunipendeza, nikakumbuka Sura ya Yusuf, pale mtangazaji aliponadi, "Enyi watu wa msafara, nyinyi ni wezi." Babu yako akimaliza hapo alikuwa anasema: basi usinipe ndoto bila kunipa na mwenyewe.

Kwa hiyo usifungue kitabu kutafuta "sanduku". Mimi ninacho kimoja, nimekitazama jana kwa ajili yako, kinasema sanduku ni mke. Sasa sijui wewe utamuoa nani.

Tuanze na aina ya ndoto, kama alivyoanza yeye. Katika hadithi mashuhuri, ndoto ni tatu: ya kheri itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na ile ambayo ni mtu anazungumza na nafsi yake. Ya pili ina adabu zake unazozijua tangu utoto: unajikinga kwa Mungu, unatema kidogo upande wa kushoto mara tatu, unageuka ubavu mwingine, na humsimulii mtu. Ya kwako haifanani na hiyo. Hakuna aliyekufukuza wala kukutisha humo ndani. Kilichokutia hofu ni mikono yako mwenyewe inayofungua. Babu yako angeiweka kwenye fungu la tatu, na mimi namfuata.

Na kwa nini unaamka palepale kila mara? Hilo lina sababu ya kimwili. Usingizi huenda kwa mizunguko, na kipindi cha ndoto kali cha kwanza huja kama dakika 90 baada ya kulala, tena ni kifupi. Vinavyofuata vinazidi kurefuka, na kirefu kuliko vyote huangukia karibu na alfajiri. Umeniambia unaweka simu ikuamshe saa kumi na moja ili uwahi daladala. Yaani unajikata katikati ya ndoto ndefu kuliko zote za usiku, ndiyo maana unaikumbuka vizuri na ndiyo maana haina mwisho. Na mikono kuwa mizito usiitafutie jini, maana katika kipindi hicho mwili hulegezwa misuli ili tusiinuke tukatenda tunayoyaota.

Sasa kitu chenyewe. Sikiliza, hilo kasha unalijua, na huo ndio ufunguo wa habari yote.

Ulivyoniandikia, umelitaja kama kasha lolote la ndotoni. Lakini kasha la bibi lilikuwa limekaa chini ya dirisha la chumba ulicholala mpaka ulipomaliza shule. La msaji, limepigwa misumari ya shaba, kule chini lina watoto watatu wa kuvuta, na mfuniko wake unahitaji mikono miwili kuuinua. Ufunguo bibi hakuwahi kuutundika ukutani. Aliufunga kwenye pindo la kanga yake, fundo juu ya fundo, na wewe ukiwa na miaka minne mitano ulikuwa ukimkalia mapajani na kuyachokonoa mafundo yale mpaka akupige kibao cha mkono. Kanga unayoifungua usingizini ndiyo hiyo. Mtu huku nje hawezi kuijua hata ukimpa laki kumi.

Kisha nikajiuliza swali la mwisho la babu yako: kabla ya kulala ulikuwa na jambo gani? Nikarudi kwenye ujumbe wako wa mwezi uliopita. Uliniambia wifi yako amekuomba umtungie utenzi wa kumwombea dua bibi harusi, ukamjibu kwamba wewe ni mhasibu, mashairi huyajui. Ukanichekea na mimi ukanituma nimtafutie mtu wa kumtungia. Tazama tarehe, mwanangu. Ndoto ya kwanza umesema ilikuja usiku wa Ijumaa, na wifi yako umemjibu Jumatano.

Eti mashairi huyajui. Nilinyamaza siku ile, leo sinyamazi.

Ulikuwa darasa la saba. Ulikuwa unatunga kwenye daftari la mazoezi lenye jalada la kijani, unahesabu mizani kwa kugonga vidole mezani, nane, halafu nane. Siku moja mwalimu wako mmoja akalichukua, akalisoma mbele ya darasa kwa sauti ya kukukejeli, na watoto wakacheka. Ulirudi nyumbani hukula. Kesho yake daftari sikuliona tena, nikakuuliza, ukasema umelitupa jaani. Hukuandika tena, na mimi nikajipa moyo kwamba ni utoto utapita. Hapo nilikosa. Nilitakiwa kwenda shuleni, sikwenda.

Ndiyo maana sikubali kwamba unaogopa usichokijua. Ungekuwa hukijui ungelikung'uta lile kasha kwa pupa kama ulivyokuwa ukichokonoa mafundo ya bibi. Hofu yako ni ya mtu anayejua kilichomo, na anakumbuka mara ya mwisho kilipofunguliwa mbele za watu ilikuwaje. Udadisi unakuvuta mkono, kumbukumbu inaushika. Huo ndio uzito, ukiacha ule wa misuli.

Ukitaka ndoto ikuache, kuna njia ambayo madaktari huitumia kwa watu wenye ndoto za kutisha zinazojirudia, na haina ubani wala kombe. Mchana, ukiwa umetulia, iandike ndoto yote kwenye karatasi tangu mwanzo. Ukifika pale unapoamka, usiishie hapo, andika mwisho unaoutaka wewe. Si lazima uwe mzuri, uwe wako tu. Halafu kila siku kaa dakika kumi hivi uipitishe kichwani pamoja na mwisho wake mpya, macho ukiwa umefumba, kama unatazama picha. Usiharakishe, wengi huchukua wiki kadhaa. Na ikiwa ndoto zitakuwa za kila usiku, au utaanza kuogopa kulala, hapo utakwenda hospitali na hutanificha. Ila sidhani tutafika huko.

Lakini kuna jambo ambalo ningetaka ulijue kabla hujaandika huo mwisho.

Bibi alipofariki mimi ndiye niliyelifungua kasha. Ufunguo niliukuta palepale, kwenye pindo. Juu kulikuwa na kanga zake na kichupa cha udi, hayo uliyaona siku ya kugawa vitu. Usichokiona ni hiki: mkono wa kushoto, ndani, kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko chake. Watu huweka humo pete na sindano, wakadhani basi. Ukiinua kifuniko kile, ubao wa mbele unaweza kuvutwa kwenda juu, unapanda kama dirisha, na nyuma yake mna vitoto viwili vya kuvuta, vyembamba, vinaingia karatasi iliyokunjwa na si zaidi. Cha juu kilikuwa kitupu.

Cha chini kilikuwa na kurasa tatu zilizochanwa kwenye daftari la jalada la kijani. Zina madoa ya majimaji ya jaani. Alizifuata, mwanangu, mtu wa miaka sabini na magoti yale.

Ukurasa wa kwanza una beti hili, mwandiko wako:

Kasha la bibi naona, limefungwa kwa kufuli,
Usiku hata mchana, nauliza lile swali,
Bibi hucheka sana, huniambia "si mali",
Kama si mali ni nini, niambie nipumue.

Hesabu kipande cha kwanza cha mstari wa tatu. Gonga vidole. Ni saba.

Bibi yako, kama unavyojua, herufi za Kizungu hakuzisoma kwa raha. Alijifunza kuandika chuoni, kwa herufi za Kiarabu, na Kiswahili chake chote alikiandika hivyo mpaka mwisho. Lazima alimpa mtu amsomee, sijui nani, mimi hakunipa. Kabla ya neno "Bibi", kwa kalamu ya risasi, kuna nuni na alifu, zimeandikwa kwa mkono unaotetemeka. Amekuongezea "Na".

Kurasa sitakutumia kwa basi, zitachanika. Nimezirudisha mlemle. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo langu, nakungoja Idi.

Mama yako