RSI ya dhahabu ikipita 70

"RSI ya dhahabu imevuka 70 kwenye chati ya siku, niuze?"

Hapana ndugu yangu, usiuze kwa sababu hiyo peke yake. RSI(14) ni kipimo kinacholinganisha tu wastani wa kupanda na wa kushuka kwa bei katika mishumaa 14, na kwenye chati ya siku kila mshumaa ni siku moja. Kwa hiyo 70 inasema wanunuzi wametawala siku hizo. Haisemi wamechoka.

Angalia Machi 2024. Dhahabu ilipovuka dola 2,100 kwa wakia, RSI ya siku ilikuwa tayari juu ya 70. Aliyeuza hapo alingoja bei irudi, ikapanda hadi karibu 2,195. Baadaye ilipumzika, RSI ikapoa, lakini bei haikushuka chini ya 2,140. Aprili 12 ikagusa 2,431.

RSI ikishuka chini ya 30 ni hivyo hivyo soko likiwa linaporomoka: haisemi wauzaji wamechoka.

Namba hizo hufanya kazi vizuri zaidi bei inapozunguka kati ya sakafu na dari. Kwenye mwendo wa kupanda, mimi huangalia RSI ikishuka hadi 40 au 50 na kugeuka, halafu nanunua. Kuuza nasubiri bei yenyewe ivunje bonde lake la mwisho.